IgBLAST: uzoefu wangu wa kusoma mshono wa antibodi

Kama unashughulika na sikwensi za seli B na bado unapanga herufi za DNA kwa jicho, achana na hiyo tabu, fungua IgBLAST, programu ya NCBI ya mtandaoni inayotambua vipande vya jeni vilivyounda antibodi. Ni bure, hawakuombi akaunti, unabandika sikwensi yako kwa muundo wa FASTA, unachagua binadamu, unabonyeza, basi. Mimi naitumia karibu kila siku na kilichonifanya niipende siyo spidi, ni kwamba inakuonyesha kwa herufi kabisa kile seli ilichokifanya ndani ya uboho wa mifupa wakati inajitengenezea antibodi yake.

Maana antibodi haipo kwenye DNA ikiwa nzima, ipo vipande vipande. Kwa mnyororo mzito, mmoja wa aina mbili za minyororo ya antibodi, kwenye kromosomu ya 14, kuna vipande vya V vinavyofanya kazi kama 40 hivi, vya D 23 na vya J 6, na kila seli B changa inachagua kimoja kimoja na kukata vyote vilivyo katikati. Tonegawa na Hozumi ndio walionyesha mwaka 1976 kwamba DNA yenyewe inapangwa upya, Tonegawa akapata Nobeli mwaka 1987. Ukizidisha 40 kwa 23 kwa 6 unapata 5,520, ambayo kusema kweli ni ndogo sana kwa kazi ya kukamata vijidudu vyote hivi, hata ukiongeza mnyororo mwepesi bado. Utajiri wenyewe uko kwenye mshono, yaani pale vipande vinapoungwa, na hapo ndipo IgBLAST inapokaa vizuri.

Angalia mfano huu ninaopenda kuutumia kufundishia, hiki ni kipande cha mwisho tu, toka TGT ya V mpaka TGG ya J:

```
TGTGCGAAAGGTCGGTTCGGGGAGTTACCCTTTGACTACTGG
```

Kwenye jedwali la juu inakuja V `IGHV3-23*01`, D `IGHD3-10*01`, J `IGHJ4*02`, halafu chini yake ile sehemu ya mshono inakatwa hivi:

```
V end  V-D  D region        D-J  J start
GAAAG  GTC  GGTTCGGGGAGTTA  CC   CTTTG
```

Sasa twende taratibu. Hii V kwa asili inaishia na GCGAAAGA, hapa ile A ya mwisho haipo, imeliwa. D yenyewe ikiwa nzima ina herufi 31, hapa zimebaki 14 tu, 10 zimeondoka mbele na 7 nyuma. J imepoteza 4 za mwanzo. Halafu kuna GTC na CC ambazo hazimo kwenye V wala D wala J, hakuna mahali popote mwilini zilipoandikwa kabla, zimeongezwa na enzaimu iitwayo TdT ambayo inabandika herufi bila kufuata nakala yoyote, na inapendelea sana G na C kama unavyoona hapo.

Imefikaje hapo? Mbavuni mwa kila kipande kuna alama, herufi 7 zinazokaribiana na CACAGTG, kisha nafasi, kisha herufi 9 zinazokaribiana na ACAAAAACC. Nafasi hiyo ni ya herufi 12 au 23, na sheria ni kwamba alama ya 12 inaungana na ya 23 tu. V za mnyororo mzito zina 23, J nazo 23, D ina 12 pande zote mbili, kwa hiyo V haiwezi kuiruka D ikaenda moja kwa moja kwa J. Seli inaanza na D kwa J, ndipo V inakuja. Protini mbili, RAG1 na RAG2, zinashika alama zote mbili kwa pamoja, zinachana uzi mmoja wa DNA pale pale mpakani, na ile ncha iliyoachwa wazi inageuka kuushambulia uzi wa pili, matokeo yake mwisho wa kipande unajifunga wenyewe kama kitanzi. Upande wa alama unakatika wima, unaungwa kuwa duara na hautumiki tena. Kile kitanzi kinafunguliwa na kimeng'enya kiitwacho Artemis, mara nyingi siyo katikati kabisa, kwa hiyo zinabaki herufi chache zinazojirudia kinyume, kisha vimeng'enya vinapunguza ncha kama fundi cherehani anavyopunguza pindo kabla ya kuunga, TdT inaongeza zake, mwisho ligase 4 na mwenzake XRCC4 wanafunga.

Hiyo kupunguza na kuongeza haina hesabu maalum, ndiyo maana safu ninayoiangalia kwanza ni `V-J frame`. Kwenye mfano wetu jumla ni herufi 42, zinagawanyika kwa 3, kwa hiyo kwa amino asidi inasomeka CAKGRFGELPFDYW bila alama ya kusimama, na inaandika `In-frame`, `Productive` inakuwa `Yes`. Toa C moja tu kwenye ile CC, zinabaki 41, J yote inasomwa kombo, TGG inapotea na inakuwa `Out-of-frame`. Yaani kwa bahati tupu kila mishono mitatu miwili inaharibika hivyo. Seli ikiharibu nakala moja ya kromosomu 14 inajaribu ya pili, ikiharibu zote inakufa, ikifanikiwa inafunga ile nyingine na kuhamia mnyororo mwepesi, ambao hauna D. Kwa hiyo ukisoma kutoka DNA usishtuke kukutana na `No` nyingi, ni majaribio yaliyoshindwa ndani ya seli ambazo ziko hai na nzima. Ukisoma kutoka RNA zinapungua sana kwa sababu seli inazifuta jumbe zilizoharibika.

Mipaka yake sasa. Jibu la D lichukulie kwa tahadhari. Mpangilio wa kawaida unakubali D ikipata herufi 5 tu mfululizo zinazolingana, na herufi 5 zinaweza kutokea zenyewe ndani ya zile alizobandika TdT. Mfano wetu una 14 kwa hiyo nina imani nao, ila zikiwa 6 au 7 mimi siiandiki D popote.

La pili linatugusa sisi zaidi. Programu inalinganisha na orodha ya vipande vinavyojulikana, na watu wa Afrika tumewakilishwa kidogo mno kwenye orodha hizo. Mtu akiwa na aina ya V isiyomo, ile tofauti inaonekana kama badiliko lililotokea baadaye kwenye seli, kumbe amezaliwa nayo. Namna ya kujua: chukua seli B zenye antibodi ya aina ya IgM ambazo bado hazijakutana na kijidudu, tafuta sikwensi za V hiyo hiyo zenye mishono tofauti kabisa. Kama herufi ile ile imebadilika pahali pale pale kwa nyingi kati ya hizo, hiyo ni aina mpya ya kipande, siyo badiliko. Mtu akiwa na nakala mbili tofauti itatokea karibu nusu. Hili fanya kabla hujaripoti asilimia ya mabadiliko kwa sampuli za huku kwetu, tafadhali sana.

Na kila sikwensi inasomwa peke yake, kwa hiyo mnyororo mzito uliishi na mwepesi upi kwenye seli ile, hiyo lazima uwe umeitunza wewe toka maabara, seli moja moja.