Lenzi ya kubana kwenye simu: imenitenganishia kunguni na mdudu wa unga

Nilinunua Kariakoo kwa shilingi 18,000: kioo kidogo chenye klipu ya kubana juu ya kamera ya simu, na kifuko chake. Muuzaji alikuwa anawaonyesha wateja maua na macho ya watu. Mimi nilikuwa nafikiria wadudu wa ndani. Kwa kazi hiyo imelipa, ila ina mambo yake.

Kwanza, kuizoea. Lenzi hizi zinaona vizuri kwa umbali mmoja tu, kwangu ni kama sentimita mbili au tatu kutoka kwa mdudu. Ukisogea kidogo tu, picha inakuwa ukungu. Kwa hiyo achana na kugusa skrini ili kamera itafute yenyewe. Egemeza viwiko mezani, sogeza simu taratibu kwenda na kurudi huku ukipiga picha mfululizo, halafu uchague moja iliyokaa sawa. Simu zenye kamera nyingi nyuma zina tabia ya kuruka kwenye kamera nyingine ukisogelea kitu, na hapo utakuta umefunika kamera isiyotumika. Zima hilo kwenye mipangilio kama simu yako inaruhusu. Kava la simu nalo uvue, la sivyo klipu haikai.

Flashi usiitumie. Kioo chenyewe kinaikinga, na mwanga kidogo unaopita unang'arisha mgongo wa mdudu ukawa mweupe. Mimi naomba mtu amulike tochi ya simu ya pili kutoka ubavuni. Mdudu namlaza juu ya karatasi nyeupe kando ya rula, maana bila milimita kila kitu kwenye picha ya karibu kinaonekana jitu. Akiwa anakimbia, namtia kwenye kikopo chenye kifuniko, nakiweka friza mpaka atulie.

Sasa kilichonifanya niandike. Wifi yangu amepanga chumba kimoja Mbagala, kitanda na jiko pamoja, gunia la unga chini ya kitanda. Akaanza kuokota vidudu vyekundu vya kahawia kwenye shuka. Akamwita fundi wa kupuliza dawa, na yule bila hata kuinua godoro akasema, "Dada, hawa ni kunguni," akataja bei ya chumba kizima na kumtaka ahame siku ya kupuliza. Wifi akanipigia. Nikamwambia, "Usimlipe mtu. Niwekee wawili watatu kwenye kikopo, nakuja."

Kwa macho matupu hata mimi ningekubali kwamba ni kunguni wadogo. Rangi ni ileile. Chini ya lenzi hadithi ikabadilika. Mgongoni kulikuwa na mstari mmoja ulionyooka, unashuka katikati kutoka karibu na shingo mpaka mkiani. Mstari ule ndipo mabawa mawili magumu yanapokutana, na ni alama ya jamii ya mbawakawa. Kunguni hana mabawa ya kufunga mgongo namna hiyo. Mgongo wake una pingili zinazokatiza upande kwa upande, mwili ni mpana na bapa, na vipapasio vyake ni vyembamba mpaka nchani. Wale wa wifi walikuwa wembamba, kwenye rula hawakufika milimita 4, na ncha za vipapasio zilikuwa na vivimbe vitatu vidogo kama rungu. Huyo ni mdudu mwekundu wa unga, Tribolium castaneum kwa jina la kitaalamu. Haumi, hanyonyi damu. Anaweza kuruka, na ndiyo maana anafika kitandani.

Nikamgeuza mmoja chali kwa ncha ya sindano nikapiga tena. Kunguni ukimgeuza unaona mrija wake wa kunyonyea umekunjwa chini ya kichwa, unaelekea katikati ya miguu ya mbele. Hapa hakuna mrija, ni taya ndogo za kutafunia tu. Kwa kujiridhisha tukainua godoro tukapita mishono yote kwa tochi. Kunguni wakiwepo huacha nukta nyeusi za kinyesi kwenye mishono na pembe za chaga, na ukipitisha kitambaa kibichi zinapakaa rangi ya damu iliyokauka. Hatukuona hata moja, wala magamba matupu.

Basi fundi akaambiwa asije. Unga uliojaa wadudu ukatupwa na gunia lake. Tukafagia nyufa za sakafu na miguu ya kitanda, maana mabaki ya unga yanawatosha kuzaliana, na unga mpya ukaingia kwenye ndoo yenye kifuniko kinachobana. Dawa ya kupuliza haikuhitajika, na isingefaa kitu kupuliza juu huku gunia linaendelea kuwazalisha chini. Waliobaki waliendelea kuonekana mmoja mmoja kwa muda, kisha wakapungua.

Kwangu mwenyewe lenzi imenisaidia kwa mende wadogo wa jikoni. Mtoto wa mende wa Kijerumani akitoka yaini ana milimita 3 hivi, na akikutwa chumbani watu wanapiga kelele ya kunguni. Kwenye picha tazama vipapasio: ni virefu mno, vyembamba kama uzi. Halafu tazama nyuma, kuna vijipembe viwili vimechomoza mkiani. Mgongo ni mweusi wenye baka jepesi katikati. Akikua ana mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa, na hiyo huhitaji lenzi kuiona. Kumjua kunabadilisha dawa: kwa mende hawa mimi naweka jeli ya chambo kwenye bawaba za kabati na nyuma ya friji, na kwa kunguni jeli hiyo haina maana kwa sababu hawali kingine ila damu.

Mtoto wa kunguni nimemwona mara moja kwenye lenzi hii, kwenye kiti cha sofa la mtumba la jirani. Anakaribia kuwa wa rangi ya maji, mdogo wa milimita moja na nusu hivi, na kwa kuwa alikuwa ameshakula, damu ilionekana ndani ya tumbo kama doa jekundu lililofungwa kwenye plastiki. Jirani hakubishana tena. Sofa lilitoka nje siku hiyohiyo.

Madhaifu. Picha ni safi katikati tu, pembeni inavutika na kutoa rangirangi. Mayai ya kunguni, yenye urefu wa milimita moja, yanaonekana ila kwenye mbao nyeupe utayapita. Kuna aina mbili za kunguni wanaosumbua binadamu, yule wa nchi za joto na yule wa kawaida, na kuwatenganisha kwa upana wa shingo kunataka picha bora kuliko hizi. Kwa mwenye nyumba haibadilishi kitu, matibabu ni yaleyale. Namba za ukuzaji zilizoandikwa kwenye boksi usizitilie maanani. Na usipige picha ya vipele vya mwilini ukitegemea vitakuambia nani kakuuma. Vipele vya mbu, vya kunguni na vya mzio vinafanana, picha ikuzwe vipi. Mtafute mdudu mwenyewe.

Ukienda kununua, nenda na simu yako ukaijaribishe hapohapo dukani kwenye milimita za rula. Yangu klipu yake imeanza kulegea, nimeifunga raba.