Kompresa iliungua mara mbili, fundi wa pili ndo kaosha mfumo: uzoefu wangu

Chumba changu cha baridi kompresa yake iliungua, fundi wa kwanza akaja akafunga mpya akajaza gesi akaondoka, draya ileile ya zamani, kile kichujio kinachonyonya maji na uchafu wa mfumo, akaiacha pale pale kwenye bomba la likwidi. Haikukaa sana, hiyo mpya nayo ikaungua. Huduma hiyo siwezi kumshauri mtu.

Fundi wa pili kabla ya kununua chochote alimimina oili ya kompresa iliyoungua. Nyeusi tii na inanuka vibaya sana, akasema usiiguse kwa mkono mtupu. Akaweka kidogo kwenye kichupa cha kupimia asidi, rangi ikageuka pale pale. Kumbe waya za mota zikiungua ule moto unaharibu oili na gesi yenyewe, inatokea asidi na masizi, na oili ndo inavisambaza mpaka kwenye kondensa na evaporeta. Sasa ukifunga kompresa mpya bila kuosha, ule uchafu unarudi na gesi, asidi inakula vanishi ya waya za mota mpya mpaka zinapiga shoti.

Alikata draya ya zamani, akatoa na ekspansheni valvu maana dawa ya kuflashi haipiti vizuri kwenye tundu dogo vile, alafu akaosha kondensa peke yake, evaporeta peke yake na mabomba peke yake, anasukuma dawa kwa naitrojeni huku ameweka kitambaa cheupe upande wa kutokea, na hakuacha mpaka kitambaa kikatoka safi. Akapuliza naitrojeni tena muda mrefu ili dawa isibaki ndani ikachanganyika na oili mpya.

Nikamuuliza, kama umeosha hivyo draya mpya ya nini? Akanambia bosi, kuosha kunatoa uchafu mwingi ila oili inayojificha kwenye kona huimalizi, hiyo iliyobaki inakamatwa na draya. Na ile ya zamani ishashiba maji na asidi, haina kazi. Akafunga draya ya likwidi yenye alumina nyingi, hiyo inanyonya asidi vizuri, na nyingine ya muda kwenye bomba la sakshen, lile linalorudisha gesi kwenye kompresa, ili kuilinda. Akavuta vakyumu mpaka chini ya mikroni 500 ndo akajaza gesi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba alirudi mwenyewe baada ya siku chache. Akapima joto la bomba kabla na baada ya draya ya likwidi, upande wa kutokea ulikuwa wa baridi kuliko wa kuingilia, maana yake imeanza kuziba na gesi inapanukia humo humo. Akaibadilisha, ya sakshen akaitoa kabisa isije ikabana mrejesho wa gesi, akapima oili tena na safari hii rangi haikubadilika. Bili yake ilikuwa kubwa kuliko ya yule wa kwanza, ila ningeanza naye ningenunua kompresa moja tu.