Uzoefu wangu: seti ya leza na polaraidi ya kupima pembe ya Brewster

Nimeitumia seti hii darasani, kidato cha sita. Ndani kuna leza nyekundu, nusu duara ya akriliki, karatasi ya polaraidi na meza inayozunguka yenye alama za digrii. Kazi yake ni moja: kutafuta pembe ambayo mwanga ulioakisiwa hutetemeka upande mmoja tu, sambamba na uso wa akriliki. Tangenti ya pembe hiyo ndiyo kipimo cha upindaji wa mwanga wa akriliki, kama Brewster alivyoonyesha mwaka 1815. Katika pembe hiyo mwale ulioakisiwa na ule uliopenya huachana kwa digrii 90 kamili.

Polaraidi iliyomo ni nzuri. Geuza karatasi izuie mtetemo ulio sambamba na uso wa akriliki, zungusha meza, na doa jekundu ukutani linafifia hadi kupotea. Wanafunzi hupiga kelele hapo.

Kitabu cha maelekezo, hata hivyo, hakisemi kwamba mwanga wa leza ya aina hii tayari umeegemea mtetemo wa upande mmoja. Ukiifunga vibaya, doa hufifia karibu kila pembe na hujui unapima nini. Dawa yake ni kuizungusha leza kwenye kishikio chake hadi doa, bila polaraidi, lipotee lenyewe karibu na digrii 56.

Tatizo la pili ni kwamba giza lile ni pana. Digrii kama mbili kila upande jicho halioni tofauti, kwa hiyo kukisia katikati ni kamari. Mimi hutafuta pembe mbili ambazo doa lina mwanga hafifu unaolingana, kisha nachukua wastani. Nisivuke digrii tatu hivi kutoka katikati, maana mwanga huongezeka haraka zaidi upande wa pembe kubwa na wastani huvutwa chini. Kabla ya yote nahakikisha sifuri: mwale uliogonga uso kwa pembe mraba lazima urudi kwenye tundu la leza.

Tulipata 53.5 na 58.5, wastani 56. Tangenti yake ni 1.48, na akriliki ni 1.49. Inapendeza, ila tusijisifu mno: kukosea nusu digrii hapo hubadilisha jibu kwa karibu 0.03. Kwa hiyo seti inatenganisha vizuri maji (1.33, pembe 53) na akriliki, lakini akriliki na kioo cha dirisha (1.52, pembe 56.7) haiwezi.

Kwa bei yake, kwa shule, ningeinunua tena. Mwenye haja ya kutambua aina ya kioo atafute meza yenye vernia na kihisi mwanga badala ya jicho.