Kiyoyozi Kinachosema 77: Usiku Wangu wa Kwanza Nacho Hapa Tanga

Karibuni tena, watazamaji wangu. Nguvu za kiyoyozi hiki na ukubwa wake mnaviona kwenye boksi, kwa hiyo sitavirudia. Ninachotaka kukionyesha ni hii rimoti, kwa sababu imenikera kuliko kelele ya kompresa. Tazameni kioo chake kwa karibu: kimeandika 77, na pembeni kuna herufi F.

Usiku wa kwanza, mdogo wangu alikuja kulala kwetu Chumbageni. Joto la kaskazi mnalijua. Alipoona 77 alidhani chumba kinachemshwa, akabonyeza kushuka hadi 61. Saa tisa usiku tuliamka tunatetemeka, kwa kuwa 61 ya Farenhaiti ni kama 16 ya Selsiasi.

Ili kugeuza Farenhaiti kuwa Selsiasi, wengi hutoa 30 kisha hugawa kwa mbili. Njia hiyo ni sahihi kabisa kwenye 50 tu, na kadiri joto linavyopanda ndivyo inavyopotoka: 77 itakupa 23 na nusu, ilhali jibu la kweli ni 25. Kitandani, nyuzi moja na nusu ni tofauti ya kujifunika shuka au kulitupa. Mimi nimeikariri 77 kuwa 25, kisha kila hatua tisa za rimoti nazihesabu kuwa nyuzi tano zetu. Nikishuka tisa nafika 68, ambayo ni 20. Nikipanda tisa nafika 86, ambayo ni 30. Kwa mabadiliko madogo, kubonyeza mara mbili ni takriban nyuzi moja.

Sasa, tulale na ngapi? Ushauri wa Wamarekani wa 60 hadi 67, yaani kama 16 hadi 19 zetu, ni wa watu wenye mablanketi mazito. Mwili hupunguza joto lake ili usingizi uje, ni kweli, lakini sisi tuliozoea pwani hatuhitaji baridi ya namna hiyo, tena LUKU italia. Nimetulia kwenye 79, ambayo ni 26, feni ikizunguka polepole. Kinachotusumbua zaidi hapa ni unyevu, na kiyoyozi huupunguza kinapopoza.

Angalizo: kihisi cha mashine kiko juu ukutani, ambako hewa ni ya moto zaidi. Nilipoweka 77, kipimajoto changu kando ya mto kilisoma 24. (Wiki ijayo nitapima feni za dari, msiondoke.)

Rimoti nyingi hubadilisha kipimo ukishikilia vitufe vya kupanda na kushuka kwa pamoja, sekunde kadhaa. Yangu, tazameni, nashikilia, nashikilia... bado 77. Muuzaji, ambaye alishachukua laki saba na nusu yangu, ameniambia rimoti inayosoma Selsiasi ni elfu ishirini nyingine. Nimebandika plasta mgongoni mwa hii na kuandika kwa kalamu: 68 ni 20, 77 ni 25, 86 ni 30.