TAHADHARI: Unga wa "ulezi safi" unaovutika kama bamia, hapa Mbeya mjini

Ndugu zangu, nimepigwa, na nadhani siko peke yangu, kwa hiyo naandika kabla baridi ya Juni haijawapeleka wengi sokoni kutafuta unga wa uji.

Wiki tatu zilizopita nilinunua kilo tano za unga wa ulezi kwa mama mmoja anayeuza unga wa kupima kwenye viroba vilivyo wazi. Simtaji wala sitaji soko, maana siwezi kuapa kama kachanganya yeye au kauziwa hivyo na wa jumla. Aliniambia, "Dada, huu ni ulezi wa Sumbawanga mtupu, nimeusagisha jana." Kilo ilikuwa shilingi 1,800. Hatua chache kutoka pale, ulezi wenyewe wa punje uliuzwa 2,000. Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Mtu ananunua nafaka, anaipepeta, anaiosha, anaianika, anailipia mashine, halafu anauza unga kwa bei ya chini kuliko punje? Mimi nilifurahia kuokoa mia mbili.

Uji wa kwanza haukunipa shida. Ulikuwa na rangi ya kahawia, mzito, na watoto walikunywa. Wa siku ya pili niliuacha kwenye bakuli ukapoa, nikarudi na kijiko. Nilipokiinua, uji ukanifuata kwa uzi mrefu unaong'aa, kama mlenda. Ulezi haufanyi hivyo. Uji wa ulezi ukipoa huganda kwa ulaini, ukiukata kwa kijiko unakatika na alama inabaki. Unaovutika na kung'aa vile ni wanga wa muhogo.

Nikanunua kilo mbili za ulezi wa punje, nikaosha, nikaanika, nikasimama mwenyewe mashineni. Nikanunua pia nusu kilo ya unga wa muhogo. Halafu nikapanga glasi nne zinazoonyesha ndani, kila moja na maji baridi na kijiko kimoja cha unga: ya kwanza ulezi wangu, ya pili ulezi vijiko vitatu kwa muhogo kimoja (nilichanganya kwanza, kisha nikachota kijiko kimoja), ya tatu nusu kwa nusu, ya nne ule wa kununua. Nikakoroga zote, nikaziacha dakika kumi na tano.

Kwenye ulezi mtupu, kilichotuama chini kilikuwa na rangi ya majivu ya kahawia, laini, na maganda madogo mekundu yamelala juu yake. Kwenye michanganyiko kulikuwa na tabaka jeupe chini kabisa, na kadiri muhogo ulivyozidi ndivyo lilivyonenepa. Nilipomwaga maji na kulibonyeza kwa kidole, lilikuwa gumu kama chaki iliyolowa. Glasi ya nne ilifanana na ya tatu. Kwa maneno mengine, karibu nusu ya "ulezi" wangu ulikuwa muhogo.

Ukifanya jaribio hili, usiliamini bila kuwa na ulezi unaoujua pembeni, kwa sababu ulezi nao una wanga wake na hutuama. Kuna anayeshauri kudondoshea iodini ya dukani. Usijisumbue. Iodini hugeuka bluu nyeusi kwenye wanga wowote, uwe wa ulezi, mtama, mahindi au muhogo, kwa hiyo haitakuambia aliyekuibia.

Lakini muhogo ni mweupe, je, rangi ya kahawia ilibaki vipi? Hili lilinisumbua hadi nilipoulamba unga mkavu. Ulimi ukakakamaa kwa ukakasi, ule wa ndizi mbichi. Huo ni mtama mwekundu, wenye tanini nyingi kwenye ganda. Nilipouchekecha kwa chujio la chai, vikabaki vipande vya ganda vipana na vyekundu, wakati maganda ya ulezi wangu yalikuwa kama vumbi. Mtama unarudisha rangi ambayo muhogo umeifuta. Mtama na muhogo si vibaya, mimi hunywa uji wa vyote viwili. Ubaya ni kuuziwa kwa jina na bei ya kitu kingine. Na anayemlisha mtoto mdogo hapo anapunjwa zaidi: ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalisi katika gramu 100 na protini kama gramu 7, muhogo mkavu una protini gramu 2 hivi tu.

Kuna jambo jingine lililonikosesha usingizi kidogo. Muhogo wa kujazia hauelezwi ulitoka wapi. Kama ni muhogo mchungu uliokatwa makopa na kuanikwa haraka bila kuvundikwa, sumu yake ya sianidi hubaki kwenye unga. Anayenunua unga wa muhogo kwa wazi anaweza kujikinga: uloweshe kwa maji hadi uwe rojo zito, utandaze kwenye sinia kwa unene usiozidi sentimita moja, uache saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu ipae, kisha upike siku hiyohiyo. Unga wenye madoa meusi au ya kijani, au harufu ya uvundo, huo usiuokoe kwa lolote. Sumu ya ukungu haiondoki kwa kuchemsha.

Mchanga pia ulikuwepo. Ulezi hupurwa chini na punje zake ni ndogo mno, kwa hiyo mchanga kidogo usikushangaze, ila usipooshwa ndipo meno yanapolia. Zungusha unga na maji kwenye bakuli, mwaga polepole, rudia mara tatu nne, kama wachimbaji wa Chunya wanavyotafuta dhahabu. Mimi nilipata mchanga wa kujaza ncha ya kijiko kutoka kwenye kikombe kimoja cha unga. Pitisha na sumaku iliyofungwa kwenye nailoni. Ikitoka na ndevu nyeusi, nyundo za mashine zimechakaa na unakula chuma.

Nilirudi kwa yule mama na vyombo vyangu. Akatazama glasi, akasema, "Mwanangu, ulezi una aina nyingi." Nikamwomba anionyeshe gunia la punje alilosagisha. Hakuwa nalo, na pesa hakurudisha.

Sasa nasagisha mwenyewe. Nauliza kwanza nani katangulia mashineni, maana aliyesaga mahindi huacha unga wake ndani. Kilo ya kwanza inayotoka naitenga. Unga hutoka wa moto, kwa hiyo nautandaza kwenye kitambaa hadi upoe ndipo nafunga, vinginevyo hutoa jasho ndani ya mfuko na kuota ukungu. Nasaga wa wiki mbili tu, na kama ni uwele wa wiki moja, kwa sababu una mafuta mengi na hugeuka mchungu mapema.

Anayetaka kushtaki unga wa pakiti, TBS wapo hapa Mbeya, nenda na pakiti yenyewe na risiti. Wangu ulikuwa wa kiroba bila risiti, nikaishia kuwapa kuku kilo tatu zilizobaki. Wao hawakulalamikia mchanga.