Kupanga posti za wiki nzima kwa Meta Business Suite bila sauti ya ukurasa kubadilika: uzoefu wangu

Nimetumia Meta Business Suite kupanga posti za ukurasa wa ufundi cherehani, kazi ya kufupisha, kutanua na kurekebisha nguo. Ni posti saba kwa wiki, moja kila siku, na kila moja inatoka Facebook na Instagram kwa pamoja. Kwa upande wa ratiba nimeridhika nayo kabisa, tena hailipiwi. Ila sauti ya ukurasa ni kazi ambayo haitakufanyia. Kila posti ina kisanduku chake, na ukiwa unaandika ya Alhamisi, ile ya Jumatatu huioni mbele yako. Hapo ndipo sauti inapoanza kupotea.

Tazama sentensi hizi tatu za wiki moja. Jumatatu: "Suruali inakubana kiunoni? Ilete, tutaitanua." Alhamisi: "Wapendwa wateja wetu, tunapenda kuwataarifu kuwa huduma ya kubadilisha zipu inapatikana." Jumamosi: "Jamani msikose, nipo hadi jioni!!!" Kila moja peke yake haina kosa. Zikifuatana, ni kama ukurasa una watu watatu: fundi, karani na mpiga debe. Kiswahili hakifichi jambo hili, kwa sababu kitenzi chenyewe kinataja anayesema na anayeambiwa. "Ilete" ni kwa mtu mmoja, "kuwataarifu" na "msikose" ni kwa wengi. "Tutaitanua" ni sisi, "nipo" ni mimi. Msomaji huenda asijue kilichobadilika, lakini anahisi kwamba aliyesema naye Jumatatu siye huyu wa Jumamosi.

Kwa hiyo kabla ya kufungua Planner, kalenda ya kupangia posti ndani ya Meta Business Suite, naandika kadi fupi ya sauti, mistari minne tu. Wa kwanza ni anayesema: huwa ni "sisi" wiki nzima, hata kama fundi ni mmoja, au "mimi" wiki nzima. Chochote utakachochagua, usikichanganye. Wa pili ni anayeambiwa. Napendekeza umoja, kwa kuwa mtu husoma simu yake akiwa peke yake, na "nyinyi" humfanya ajione yuko mkutanoni. Umoja huo ubaki hata kwenye tangazo la kufunga duka, maana hapo ndipo mkono hukimbilia "tunawatangazia".

Mstari wa tatu ni majina ya kazi, na huu ndio unaopuuzwa kuliko yote. Neno "kupunguza" likitumika Jumanne kwa urefu wa suruali na Ijumaa kwa upana wa gauni, mteja atauliza kwenye maoni ni lipi hasa. Kwenye kadi yangu, urefu ni "kufupisha" na upana ni "kupunguza", basi. Wa nne ni alama: hakuna alama za mshangao zinazofuatana, na emoji haizidi moja kwa posti.

Baada ya kadi, naandika posti zote saba kwenye faili moja, kwa mkao mmoja, ya Jumatatu juu na ya Jumapili chini. Kwanza kila siku naipa mstari mmoja mkavu: jambo gani, linamhusu nani, afanye nini. Mistari yote saba ikishakamilika ndipo ninaigeuza kuwa maneno ya ukurasa. Ukianza kutafuta jambo la kusema na namna ya kulisema kwa wakati mmoja, siku usiyokuwa na jambo utajaza nafasi kwa lugha ya ofisini. Ile "tunapenda kuwataarifu" ya Alhamisi ilitokana na hilo: mwandishi hakuwa na cha kusema kuhusu zipu zaidi ya kwamba zinabadilishwa.

Dawa yake ni kurudi kwenye zipu yenyewe. Zipu ikifungwa halafu ikaachia nyuma ya kichwa chake, mara nyingi meno ni mazima na kichwa ndicho kimelegea. Sasa kuna jambo, na posti inaandikika kwa sauti ya Jumatatu: "Zipu inafunga halafu inaachia? Angalia meno yake. Kama yote yapo, huenda kichwa tu ndicho kimelegea. Ilete kabla hujaitupa nguo." Umoja upo, amri ni fupi, na hakuna "wapendwa wateja".

Kisha nasoma zote saba kwa sauti ya mdomo, bila kusimama. Baadaye nasoma sentensi za kwanza peke yake. Hapa ndipo utagundua kosa la upande wa pili: posti nne zinaanza kwa swali. Sauti moja haimaanishi umbo moja. Swali la zipu hapo juu nililibadilisha kuwa "Zipu ikifunga halafu ikaachia, angalia meno yake," kwa sababu la Jumatatu tayari lilikuwa swali. Aliyesema ni yuleyule, mlango tu ndio umebadilika.

Kuhamishia kwenye Planner ni kunakili na kubandika, lakini pana mitego miwili. Wa kwanza ni saa. Kalenda inapoonyesha saa kwa AM na PM, saa 2 usiku ni 8:00 PM. Ukichagua 2:00 PM kwa mazoea, posti inayoanza na "Habari za usiku" itatoka saa 8 mchana. Ndani ya posti nami naandika saa za Kiswahili pamoja na sehemu ya siku, "hadi saa 12 jioni", na sichanganyi na 18:00 siku nyingine, kwa kuwa namna ya kutaja saa nayo ni sehemu ya sauti.

Mtego wa pili ni "leo" na "kesho". Posti iliyopangwa ni rahisi kuihamishia siku nyingine, na huo ndio uzuri wa kalenda hii, lakini maneno yaliyomo hayajirekebishi. "Kesho tumefunga" ikisogezwa kutoka Jumamosi hadi Ijumaa inakuwa uongo. Andika "Jumapili tumefunga", nayo itabaki kweli popote utakapoipeleka.

Kuhusu Facebook na Instagram, unaweza kuandika maelezo tofauti kwa kila moja. Mimi naitumia nafasi hiyo kwa mstari wa mwisho tu. Kiungo kilichoandikwa kwenye maelezo ya posti ya Instagram hakibonyezeki, kwa hiyo "bonyeza hapa chini" inafaa Facebook, na Instagram inakuwa "tuandikie ujumbe". Ukiandika upya posti nzima kwa kila upande, utakuwa na posti 14 za kulinda badala ya saba.

Ratiba haifiki kwenye majibu ya maoni. Posti inasema "ilete", kisha anayejibu anaandika "Karibuni sana wapendwa". Kadi ile ya mistari minne apewe pia anayejibu, na chini yake uongeze majibu mawili ya mfano: moja la anayeuliza bei, jingine la anayelalamika kwamba nguo imechelewa. Hilo la malalamiko liandike wakati umetulia, kwa "sisi" ileile na umoja uleule: "Pole kwa kuchelewa. Tutumie jina uliloandikisha, tukuambie nguo imefikia wapi."