Spika ya Wi-Fi: AirPlay, Chromecast au zote mbili?

Kama umechoka muziki kukatika ukiingia jikoni na simu, au meseji inalia "ting" katikati ya wimbo kwa sauti ya spika nzima, basi hiyo ndo Bluetooth na dawa yake ni spika ya Wi-Fi. Ila kabla hujatoa hela angalia simu zilizopo nyumbani, maana AirPlay ya Apple na Chromecast ya Google, yaani njia mbili za kupiga muziki wa simu kwenye spika kupitia Wi-Fi, hazifanyi kazi kwa namna moja.

Namba 1 kwangu ni spika yenye zote mbili. Soma boksi, itafute AirPlay 2 pamoja na Chromecast built-in (siku hizi inaandikwa pia Google Cast). Nyumba nyingi zina aifoni na Android humohumo, na mgeni naye atakuja na yake.

Namba 2, kama wote mna aifoni, chukua ya AirPlay 2. Hii simu yenyewe ndo inarusha sauti kwenda kwenye spika kupitia ruta, kwa hiyo karibu apu yoyote inapiga, na nyimbo ulizohifadhi kwenye simu zinapiga hata bando likiisha, mradi ruta iwe imewashwa. Ubaya wake ni kwamba simu ikizima au ukitoka nayo nje, muziki unakufa.

Namba 3, Android tupu, chukua Chromecast. Hapa simu inatoa oda tu halafu spika inavuta wimbo yenyewe kutoka intaneti. Jaribu hivi: anzisha wimbo, zima simu kabisa, utasikia muziki unaendelea kama hakuna kilichotokea. Betri ya simu inapumzika kweli! Lakini inataka intaneti iwepo, apu iwe na kile kitufe cha Cast, na mara ya kwanza unaiunganisha kwa apu ya Google Home. Aifoni nayo inaweza kuitumia ila ni ndani ya apu zenye hicho kitufe tu.

Bluetooth tupu naiweka mwisho, ila kwa kubeba kwenda nje pasipo na Wi-Fi bado ndo yenyewe.

Sasa kinachosumbua watu wengi, na mimi kilinipotezea jioni nzima: spika imeunganishwa vizuri, taa inawaka, lakini kwenye simu haionekani kabisa. Nikai-reseti mara tatu nikidhani ni mbovu, kumbe simu ilikuwa kwenye Wi-Fi ya wageni na spika iko kwenye ile kuu. Ruta huwa inazitenganisha hizo mbili makusudi, hazionani. Nikahamisha simu, spika ikatokea palepale. Kama zako ziko Wi-Fi moja na bado hazionani, ingia kwenye setingi za ruta utafute AP Isolation, ile inayozuia vifaa vya Wi-Fi moja kuonana, uizime, kisha zima na kuwasha spika.